Weka alama za pumzi kwenye karatasi
Ukisoma tangazo redioni hapa Bukavu, au hotuba kwenye skrini ya kamera, usivute pumzi pale mstari unapoishia. Vuta pale maana inapokamilika. Kwa kalamu, / ni kutua tu, // ni kuvuta hewa:

Meli ya Goma / haitaondoka LEO, // itaondoka KESHO / saa moja asubuhi. //

Mkazo uwe mmoja kwa kila pumzi, kwenye neno lenye habari yenyewe. Usipaze sauti, refusha kidogo silabi ya pili kutoka mwisho: "leeo", "keesho". Kwenye skrini, kata mstari penye alama, na "ya" isiachwe mwishoni. Neno la mwisho likififia, pumzi ni ndefu mno: ongeza // katikati.