Wasiopokea simu nao wahesabiwe: kurekebisha utafiti kwa kuwafuata wachache kati ya waliokaa kimya

Tuchukue chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa chenye wanachama 20,000. Unataka kujua mwanachama anauza lita ngapi kwa siku. Umechagua wanachama 900 kwa bahati nasibu, ukawapigia simu. Waliojibu ni 540, na wastani wao ni lita 9.4. Waliobaki 360 ama simu haipatikani, ama inaita bila kupokelewa, ama wamekata. (Namba zote za mfano huu nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuatika.)

Wengi hapo huandika 9.4 kwenye ripoti na kufunga faili. Lakini nani hupokea simu mchana? Mara nyingi ni mwenye chaji, mtandao na kibarua wa kukata majani. Mwenye ng'ombe mmoja bondeni, kusikoshika mtandao, hayumo. Kuongeza sampuli hakusaidii. Ukipiga simu 9,000 utapata watu wa aina ileile wengi zaidi, na jibu litabaki pale pale palipokosewa.

Dawa yake ni ya mwaka 1946. Wamarekani wawili, Morris Hansen na William Hurwitz, walikuwa na tatizo la madodoso yaliyotumwa kwa posta bila kurudishwa. Wakapendekeza uchague kwa bahati nasibu sehemu tu ya wasiojibu, uwafuate ana kwa ana kwa nguvu zote, kisha uwape sauti ya kundi zima la waliokaa kimya. Utafiti mkubwa wa jamii unaofanywa na Ofisi ya Sensa ya Marekani mpaka leo huchagua sehemu ya kaya zisizojibu na kuzipelekea wadadisi mlangoni.

Hatua ya 1: Funga daftari

Panga mapema siku ya mwisho ya simu, na idadi ya majaribio kwa kila mtu. Mimi hutumia majaribio sita kwa saa tofauti, mawili yakiwa baada ya magharibi. Siku ikifika, kila mmoja wa wale 900 anaandikwa ama "amejibu" ama "kimya", na orodha inafungwa.

Kuna watakaopiga wenyewe baada ya hapo. Kama mtu huyo ameangukia kwenye sampuli ya kufuatwa, mpokee, tena amekuokoa nauli. Kama hakuangukia, mshukuru, jibu lake uliweke kando. Inauma kutupa jibu la bure, ila yeye tayari amewakilishwa na mwenzake aliyechaguliwa. Ukimwingiza, umemhesabu mara mbili.

Hatua ya 2: Wafuatwe wangapi?

Swali hili huamuliwa na gharama. Tuseme kumpigia mtu mmoja, ajibu asijibu, ni shilingi 1,000. Kumhoji kwa simu na kuingiza majibu ni 2,000 nyingine. Kumfuata nyumbani, ukijumlisha bodaboda na posho ya mdadisi, ni 33,000. Kama unatarajia majibu ya makundi yote mawili yatawanyike kwa kiasi kinachokaribiana, kanuni ni hii:

```
k = √( gharama ya kumfuata × sehemu iliyojibu
       ÷ (gharama ya kupiga + gharama ya kuhoji × sehemu iliyojibu) )

k = √( 33000 × 0.6 ÷ (1000 + 2000 × 0.6) ) = √9 = 3
```

Maana yake, fuata mmoja kati ya kila watatu. 360 gawanya kwa 3 ni 120, na bajeti ni shilingi 3,960,000. Kuwafuata wote kungekula 11,880,000. Usiichukue kanuni hii kama sheria ya msikiti. Ikikupa 2.7 au 3.4, tumia 3.

Hatua ya 3: Chagua kwa bahati nasibu, kweli kweli

Panga orodha ya kimya kwa kata na kijiji, chagua mahali pa kuanzia kwa bahati nasibu, kisha ruka watatu watatu. Kwa njia hiyo kila kona inapata watu wake. Kwa programu ya takwimu ya R:

```r
set.seed(417)
kimya <- subset(sampuli, hali == "kimya")
kimya <- kimya[order(kimya$kata, kimya$kijiji), ]
anza  <- sample(1:3, 1)
teule <- kimya[seq(anza, nrow(kimya), by = 3), ]
```

Orodha ikishatoka, haiguswi. Atakuja msimamizi na neno la busara: "Bosi, huyu yuko ng'ambo ya mto, tumweke jirani yake wa barabarani." Jibu ni hapana. Ugumu wa kumfikia ndio uliomfanya asijibu, na ndio unaotafuta kuupima. Ukimbadilisha na wa barabarani, umeirudisha kasoro uliyokuja kuiondoa, tena safari hii kwa gharama kubwa.

Hatua ya 4: Wafuate mpaka uwapate

Hapa ndipo njia hii hufa au hupona. Hesabu nzima inasimama juu ya sharti moja, kwamba waliochaguliwa kufuatwa wanapatikana wote, au karibu wote. Ukipata nusu yao, umehamisha tatizo kutoka kwenye simu hadi mlangoni.

Kwa hiyo tumia wadadisi wako bora, na uwape siku za kutosha. Mdadisi aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia atamwambia nani kahama na nani kafariki. Ziara ya kwanza iwe alfajiri wakati wa kukamua. Asipomkuta, aulize atarudi lini, na arudi siku hiyo. Malipo kwa kila dodoso lililokamilika huwafundisha wadadisi kukimbilia walio karibu. Mimi hulipa kwa siku, na kuongeza kidogo kwa yule aliyerudi mara ya tatu.

Mambo mawili huharibu data hapa bila kelele. La kwanza ni sifuri. Kati ya waliokaa kimya wapo ambao ng'ombe wao hakamuliwi kwa sasa, au wamemuuza. Mdadisi asiyeelekezwa huandika "hahusiki" na kuondoka. Kama bado ni mwanachama, anahusika, na jibu lake ni lita 0. Dalili ya kosa hili huonekana upesi: ukikuta dodoso nyingi zenye "hahusiki" na hakuna hata sifuri moja, waite wadadisi kabla hawajafika mbali. Aliyefariki au aliyejitoa chamani ni jambo jingine. Huyo mwandike kwa msimbo wake, maana hayumo tena katika watu unaowapima, na usimchanganye na asiyepatikana.

La pili ni swali kubadilika njiani. Kwenye simu uliuliza "jana uliuza lita ngapi?" Nyumbani, mdadisi anaonyeshwa kitabu cha mapokezi ya maziwa na kunakili humo. Sasa tofauti ya makundi mawili ina sura mbili: watu ni tofauti, na kipimo nacho ni tofauti. Shika maneno yaleyale. Tena usiache miezi ipite kati ya simu na ziara, maana maziwa ya masika si ya kiangazi. Ukiwa na akiba kidogo, watembelee pia thelathini hivi kati ya waliojibu kwa simu, uone kama majibu yao ya simu na ya nyumbani yanafanana.

Hatua ya 5: Unganisha

Tuseme kati ya 120 umewapata 102, na wastani wao ni lita 5.2. Waliojibu kwa simu ni asilimia 60 ya sampuli, waliokaa kimya ni asilimia 40. Hivyo:

```
0.6 × 9.4 + 0.4 × 5.2 = 5.64 + 2.08 = 7.72
```

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni la kumwaga dodoso zote kwenye kapu moja na kutafuta wastani wa kawaida. Kapu lenye watu 540 wa simu na 102 wa ziara hukupa 8.73. Umetumia mamilioni kuwafuata watu, halafu umewapa sauti ya asilimia 16 wakati haki yao ni 40. Kwenye kompyuta, kila wa simu ana uzito wa 1, na kila aliyefuatwa ana uzito wa 360/102, yaani karibu 3.53:

```r
d$w <- ifelse(d$kundi == "simu", 1, 360/102)
weighted.mean(d$lita, d$w)
```

Kabla ya kuamini jibu, jumlisha safu ya `w`. Lazima ipate 900. Isipopata, kuna mtu umempoteza au umemrudia.

Hatua ya 6: Ukingo wa makosa

Tuseme majibu ya simu yana mkengeuko sanifu wa lita 4, na ya ziara lita 3. Kwanza tafuta mtawanyiko wa sampuli nzima, ukiweka ndani yake na tofauti ya wastani mbili:

```
S² = 0.6×16 + 0.4×9 + 0.6×0.4×(9.4−5.2)² = 17.43
```

Kisha kosa sanifu lina vipande viwili. Kimoja ni cha sampuli ya 900, kingine ni bei ya kuwafuata 102 badala ya 360:

```
√( 17.43/900 + 0.4² × 9 × (1/102 − 1/360) ) = √0.0295 = 0.17
```

Zidisha kwa 1.96, unapata lita 7.72, kuongeza au kupunguza 0.34. Jibu la simu peke yake, 9.4, nalo lina ukingo wa 0.34. Linaonekana sahihi vilevile, lakini kati ya 9.06 na 9.74 hamna 7.72. Ukingo wa makosa haujui lolote kuhusu watu usiowafikia, ndiyo maana haukukuonya.

Hatua ya 7: Wale 18

Tulipowapa 102 uzito wa 360/102, tulidhani kimyakimya kwamba 18 wasiopatikana kabisa wanafanana nao. Inawezekana si kweli. Pima dhana hiyo inaweza kukuangusha kiasi gani. Hao 18 ni asilimia 15 ya wale 120, na kundi lao ni asilimia 40, kwa hiyo wanawakilisha asilimia 6 ya wanachama. Waliopatikana wanabaki na asilimia 34:

```
5.64 + 0.34 × 5.2 + 0.06 × (wastani wa wasiopatikana)
```

Kama wote hawauzi hata lita moja, jibu ni 7.41. Kama wanafanana na waliojibu kwa simu, ni 7.97. Kabla ya kwenda vijijini, asilimia 40 nzima ilikuwa gizani, na kwa dhana hizohizo mbili jibu lingeweza kuwa popote kati ya 5.64 na 9.4. Kwenye ripoti naandika 7.72 na ukingo wake, na chini yake sentensi moja yenye 7.41, 7.97 na idadi ya wasiopatikana. Wasiopatikana wangekuwa 60 badala ya 18, nisingeitoa 7.72 bila kwanza kuwarudisha wadadisi vijijini.