Kiungulia cha usiku mwezi wa Ramadhani: panga saa kwanza, sahani baadaye

Wengi wanaosumbuliwa na kiungulia Ramadhani hulaumu njaa ya mchana. Kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, shida kubwa huanza baada ya adhana ya Magharibi. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaofunga njia ili kilichoshuka kisirudi. Tumbo likijazwa kwa mkupuo hutanuka, msuli ule hulegea kila baada ya muda, na asidi hupanda. Ukiwa umekaa, asidi hurudi chini yenyewe. Ukilala, inabaki pale pale ikichoma.

Hatua ya 1: Kufungua

Tende 3, glasi moja ya maji yasiyo ya barafu kwa mafunda madogomadogo, na kikombe kimoja cha uji mwepesi. Kisha nenda kaswali. Uji wa futari ni mzuri, ila kama kiungulia kinakusumbua punguza pilipili manga, uachie hiliki. Maji ya ukwaju na juisi ya ndimu huuma kwenye umio uliokwisha kuchubuka, na soda hulijaza tumbo gesi. Viache hadi upone.

Hatua ya 2: Sahani

Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na tui zito ni mafuta. Si lazima uache muhogo wa nazi. Upike kwa tui jepesi mpaka uive, kisha malizia na nusu kikombe cha tui zito kwa sufuria ya watu wanne. Ladha ya nazi inabaki. Magimbi, viazi vitamu na ndizi mbichi nazo zipike hivyo hivyo. Maharage na mbaazi ziloweke usiku kucha, umwage maji hayo, upikie maji mapya. Gesi itapungua sana.

Vya kukaanga havihitaji kupigwa marufuku, ila bajia na sambusa ziwe 2, si sahani nzima. Kaimati ikikandamizwa na kidole ikatoa mafuta, ujue karai halikuwa limepata moto vizuri na donge limekunywa mafuta. Kaimati za namna hiyo ziache tu, hata kama aliyezipika ni mama mkwe.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mtu hubadilisha chakula chote, ananunua dawa, na bado saa 6 usiku anaamka koo linawaka.

Kanuni yenyewe ni fupi: kati ya tonge la mwisho na kulala zipite saa 3. Ugumu ni kwamba usiku wa Ramadhani umebanwa. Chukua mtu wa Dar es Salaam anayefuturu saa 12:40 jioni na kulala saa 4:30 usiku ili awahi daku. Akifika nyumbani kutoka Magharibi anakula sahani iliyojaa. Anakwenda Isha na tarawehe, anarudi saa 3:15, anakuta familia mezani na wali, anakula tena. Ukimuuliza chakula chake cha usiku ni saa ngapi, atakwambia saa 1, kwa sababu kile cha pili hakihesabu. Kwa hesabu ya tumbo, alimaliza kula saa 3:45 na akalala dakika 45 baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani upesi. Ukirukuu na kusujudu ukiwa umeshiba, tumbo hukandamizwa na kichwa kinakuwa chini yake. Maji machungu yakipanda kooni ukiwa kwenye sijda, tatizo ni sahani ya saa 1, si wali wa saa 3. Yasipopanda kwenye sijda bali yakakuamsha usiku, tazama kile ulichokula mwisho. Andika saa hizo kwa siku 3 na utajua ni mlo upi wa kurekebisha, badala ya kukisia.

Mtu wetu apange hivi. Saa 12:40 tende, maji na uji. Saa 1 kamili sahani halisi ya futari, lakini nusu ya ile aliyoizoea, ale taratibu na aache kabla ya kushiba, amalize saa 1:25. Hapo hadi saa 4:30 ni saa 3 na zaidi. Akirudi tarawehe, maji kidogo kidogo na, njaa ikizidi, ndizi mbivu moja au kipande cha mkate mkavu. Wali ule uhifadhiwe wa daku.

Mpango huu haumfai kila mtu. Anayefunga duka usiku na kulala saa 7 anaweza kula mlo wake mkubwa saa 3:15, mradi wa saa 1 uishie kwenye uji na tende. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kisukari asihamishe mlo bila kuzungumza na daktari wake, maana dozi imepangwa kufuata chakula. Na maji: usijaribu kufidia mchana mzima kwa kunywa lita moja kabla ya kulala. Yagawe, glasi moja kila saa.

Chai kali na kahawa chungu baada ya tarawehe nazo huwachochea wengi kiungulia. Ukiacha kwa siku 4 usione tofauti, wewe si mmoja wao, endelea kunywa.

Hatua ya 4: Kitanda

Weka tofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, kipande cha mbao juu yake kama kitanda kinateleza, kichwa kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii: shingo inainuka, kiuno kinakunjika, na tumbo linabanwa. Lalia ubavu wa kushoto. Ukilalia wa kulia, tumbo linakuwa juu ya mlango wa umio na asidi inamwagika kirahisi.

Hatua ya 5: Daku

Wali kidogo na maharage, au uji wa ulezi na yai la kuchemsha. Kula mapema, si dakika 10 kabla ya adhana. Baada ya swala ya alfajiri, ukilazimika kurudi kulala, egemea; usijinyooshe.

Hatua ya 6: Dawa

Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hutuliza haraka, ila kwa muda mfupi. Tafuna baada ya mlo au unapotaka kulala. Omeprazoli ya miligramu 20 hufanya kazi kwa njia nyingine: imeze kwa maji yale ya kwanza ya kufuturu, kaswali, kisha ule baada ya nusu saa. Ukiimeza umeshashiba, nguvu yake inapungua. Usitarajie nafuu usiku wa kwanza, na usizidishe siku 14 bila daktari. Magadi ya kupikia yaliyokorogwa kwenye maji siyapendi kabisa: yana sodiamu nyingi, na mwenye presha anajidhuru. Diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya kichwa ya kufunga huchubua tumbo, tumia parasetamoli.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kinapomezwa, au maumivu ya kifua yenye jasho yanayoshuka mkononi ni vya hospitali usiku huo huo. Na ukiambiwa upimwe bakteria wa tumbo kwa choo au pumzi, mwambie mpimaji kama umetumia omeprazoli ndani ya wiki 2 zilizopita, kwa sababu inaweza kuwaficha.