SOMO: Shaba na seruloplasmini zikishuka kwa kijana ambaye vimeng'enya vya ini vimepanda

Swali la nini kifanyike kwa majibu ya namna hii linarudi kila wiki, kwa hiyo naandika hatua zote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 17. ALT, kimeng'enya cha ini, ni 112 na iko juu, hanywi pombe, homa ya ini B na C hana. Seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, ni 8 mg/dL wakati kawaida huanzia 20. Shaba ya damu nayo iko chini. Hapo tunaufikiria ugonjwa wa Wilson, ambao mtoto huupata akirithi jeni mbovu ya ATP7B kutoka kwa baba na kwa mama pia.

1. Elewa kwa nini shaba imeshuka. Ini lake halikosi shaba, limejaa shaba. Kazi ya ATP7B ni kuipakia shaba ndani ya seruloplasmini na kuitoa ile ya ziada kwenye nyongo. Jeni ikiharibika, shaba inabaki ndani ya ini na seruloplasmini inatoka tupu, kisha inavunjika upesi. Kwa kuwa shaba nyingi ya damu hubebwa na seruloplasmini, kipimo cha jumla kinashuka pamoja nayo.

2. Ondoa sababu nyingine. Utapiamlo mkali, figo kuvujisha protini na ini lililochoka kabisa, vyote hushusha seruloplasmini.

3. Macho. Daktari wa macho atafute pete ya Kayser-Fleischer, yaani shaba iliyoganda pembezoni mwa kioo cha jicho, kwa mashine yake, si kwa tochi. Isipoonekana, msifute ugonjwa: karibu nusu ya wanaoumwa ini tu hawana pete.

4. Mkojo wa saa 24, kupima shaba inayotoka. Hapa ndipo kipimo huharibika, soma taratibu. Omba maabara wakupe chombo kisicho na madini, usichukue dumu la nyumbani wala kukojolea kwanza kwenye beseni la bati. Ukiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza MWAGA, andika saa. Kuanzia hapo kusanya kila tone, mchana na usiku, ukimalizia na mkojo wa saa 12 asubuhi ya kesho yake, huo UNAINGIA. Ukienda shule au msikitini, chombo kiende nawe. Ukisahau mara moja tu, jibu litashuka na mgonjwa ataambiwa ni mzima. Anza upya siku nyingine. Waombe wapime na kreatinini, taka ya misuli, humo humo, maana ikiwa ndogo kupita kiasi tunajua mkojo haukukamilika.

Kijana wetu katoa mikrogramu 220 za shaba kwa saa 24. Kwa wenye dalili, zaidi ya 100 inatia shaka kubwa.

5. Jumlisha. Kwa alama za Leipzig, ambazo madaktari hujumlisha kuamua kama ni Wilson, seruloplasmini chini ya 10 ni alama 2, na shaba ya mkojo iliyozidi mara mbili ya kikomo cha kawaida ni 2. Jumla 4, inatosha kuuthibitisha hata bila pete. Alama zikiwa chini ya 4, kinachofuata ni kipimo cha jeni au kupima kipande cha ini.

Macho yakiwa manjano, tumbo likivimba au damu ikipungua ghafla, acha hatua hizi, nenda hospitali leo.

MASWALI

Juma: Dokta, shaba yangu iko chini, ninunue vidonge vya shaba?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 1.

Juma: Nilisoma haraka, nataka jibu fupi tu.
Jibu: Fupi ni hilo: hapana. Kama ni Wilson, utakuwa unaliongezea ini sumu.

Mama Rehema: Shikamoo dokta. Mwanangu mkubwa kathibitishwa. Mdogo wake ana miaka 9 na anacheza vizuri tu. Kweli naye apimwe?
Jibu: Marahaba mama. Apimwe, na umefanya vema kuuliza mapema. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne, na ini huumia miaka mingi kimya. Aanze na seruloplasmini, ALT, mkojo na macho. Kama jeni za kaka yake zinajulikana, watafute zile zile kwake, ndilo jibu la uhakika zaidi. Akikutwa nao kabla ya dalili, hutibiwa, mara nyingi kwa zinki, inayozuia utumbo kunyonya shaba. Dawa ni za maisha, na kuziacha ghafla kunaweza kuua ini.

Zuhura: Mimi seruloplasmini ni 24 ila natumia vidonge vya uzazi. Nihesabu niko salama?
Jibu: Swali zuri sana. Estrojeni huipandisha, ujauzito na uvimbe mwilini pia. Kwa hiyo 24 yako inaweza kuficha iliyo chini. Kama ALT bado iko juu bila sababu, pima mkojo.

Bakari wa Tanga: Na chakula? Sisi huku ni pweza na kaa.
Jibu: Damu ya pweza na kaa hubeba oksijeni kwa shaba, kwa hiyo wameijaza. Mwaka wa kwanza wa dawa mgonjwa aviache, pamoja na maini, korosho na chokoleti. Samaki wa mapezi kama changu ale.

Bakari wa Tanga: Na sufuria la shaba la bibi?
Jibu: Asipikiwe humo, hasa vyenye ndimu au ukwaju. Asidi huitoa shaba ikaingia kwenye mchuzi.