Mashine, machine au mashini? Kupata maneno ambayo wasomaji wa Kiswahili huandika Google

Tuchukue blogu ya kilimo inayosomwa Dodoma na Singida, inayotaka kuandika makala juu ya mashine ya kukamua alizeti. Mada ni moja, ila wanaoitafuta huiandika kwa namna nyingi. Kazi ni kujua tofauti ipi ni ya tahajia tu, na ipi inaonyesha mtu anayehitaji kitu kingine.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua kompyuta. Pita kwa wauzaji wa mashine au kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Fundi atasema "ekspela", mnunuzi atasema "mashine ya kukamua". Neno la mnunuzi ndilo la kichwa cha makala; la fundi liingie ndani.

Hatua ya 2: Mapendekezo ya Google. Tumia dirisha fiche ili historia yako isiingilie, na fungua hivi:

```
https://www.google.com/?hl=sw&gl=tz
```

Andika "mashine ya alizeti", kisha "bei ya mashine ya", uone kinachopendekezwa. Nakili yote.

Hatua ya 3: Tahajia. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Kama blogu yako ina miezi michache hewani, achana na zana za kulipia. Search Console ni bure na inaonyesha maneno ya wasomaji wako wenyewe. Ingia Performance, ongeza kichujio cha Query, chagua Custom (regex), yaani mpangilio wa alama unaonasa maumbo mengi ya neno kwa mara moja, uanze na hii:

```
a[lr]i[zs]et
```

Itanasa alizeti, arizeti, aliseti na alizet kwa mkupuo. Usifupishe ikawa `ali` peke yake, maana utaletewa kila "aliyeshinda" na kila mtu aitwaye Ali. Kisha tafuta maneno yaliyobandikwa pamoja:

```
ya ?kukamu
```

Nafasi ikifuatiwa na alama ya kuuliza maana yake nafasi hiyo iwepo au isiwepo, kwa hiyo "ya kukamua", "yakukamua" na "ya kukamulia" zote zinaingia. Zitaingia pia za kukamua miwa na kukamua maziwa. Hizo ziondoe kwa mkono. Mwisho tazama mchanganyiko wa Kiingereza:

```
(mashin[ei]|machine).*a[lr]i[zs]et
```

Hii inataka mashine itangulie alizeti. Aliyeandika "alizeti machine price" hatanaswa, hivyo geuza mpangilio uijaribu tena.

Usikose kuona kwamba Search Console huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana, na jedwali huishia mistari 1,000. Neno lisipoonekana, hiyo si hoja kwamba hakuna anayeliandika.

Sasa amua: kila umbo lipate ukurasa wake, au yote yakae pamoja? Tafuta maumbo mawili bega kwa bega, uhesabu matokeo kumi ya kwanza. Kurasa saba au zaidi zikifanana, Google inayaona kuwa kitu kimoja, na makala mbili zitanyang'anyana wasomaji. "Kukamua" na "kukamulia" kwa kawaida ni ya ukurasa mmoja: moja iweke kwenye kichwa, nyingine katika sentensi za ndani. Ila ukiongeza "bei", haja imebadilika. Huyo amekwisha kuamua kununua. Maelezo ya jinsi mashine inavyofanya kazi hayatamtosha.

Usiandike "arizeti" kwa makusudi ili kunasa waliokosea. Msomaji ataona kosa lako na kukosa imani na bei unazomtajia. "Machine" ni jambo jingine, kwa kuwa watu hulitamka hivyo kila siku, lipe nafasi katika kichwa kidogo kimoja, kama "Machine ndogo ya kukamua alizeti inafaa nani?"

Hatua ya 4: Google Trends. Chagua Tanzania, miaka 5, na uunganishe maumbo kwa alama ya kujumlisha:

```
alizeti + arizeti + alizet
```

Bila alama hiyo, Trends haikujumlishii tahajia tofauti. Namba zake, 0 hadi 100, ni ulinganisho tu, si idadi ya watu. Unachotafuta ni msimu: Kanda ya Kati alizeti huvunwa mvua zikishakatika, kwa hiyo makala iwe hewani Februari au Machi, Google ipate muda wa kuisoma.

Hatua ya 5: Chapisha, kisha rudi. Kichwa kinachofaa hapa ni "Bei ya mashine ya kukamua alizeti: ndogo, ya kati na kubwa". Baada ya wiki 8 hadi 12, rudia regex zile zile kwa ukurasa huo peke yake. Ukikuta neno lenye Impressions nyingi, Clicks chache, na Position kati ya 8 na 20, mfano "mashine ya kuchuja mafuta ya alizeti", angalia kama makala yako inalijibu kweli. Kama imeligusa kwa sentensi moja tu, liongezee kichwa kidogo na aya mbili zenye bei.