Sukari iko magunia 60, Excel inaweka alama nyekundu: rekebisha mipaka ya ikoni

Ninashika hesabu za stoki za depo moja ya vyakula huku Kadutu, Bukavu. Asubuhi moja mama mwenye depo aliangalia kompyuta, akaniita: "Papa, sukari imeisha lini?" Alama ilikuwa nyekundu. Tukaingia nyuma kuhesabu: magunia 60 yako palepale. Kidogo tu angetuma pesa ya sukari ambayo hatukuihitaji.

Stoki ya siku hiyo ilikuwa hivi: unga wa mahindi 404, mchele 90, sukari 60, maharagwe 35, chumvi 12, mafuta 4. Tulitaka kijani kuanzia 50, njano kuanzia 15, chini ya hapo nyekundu. Nilikuwa nimeandika 50 na 15 mimi mwenyewe, ila sikugusa kisanduku cha pembeni, ambacho Excel hukijaza yenyewe neno "Pourcentage".

Watu wengi hufikiri asilimia hiyo ni ya idadi kubwa kuliko zote, lakini sivyo. Excel huchukua tofauti kati ya namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ya safu, hukata asilimia yako humo, kisha huongeza ile namba ndogo. Kwetu tofauti ni 404 kutoa 4, yaani 400. Nusu yake ni 200, ongeza 4, mpaka wa kijani ukawa 204. Asilimia 15 ni 60, ongeza 4, mpaka wa njano ukawa 64. Ndiyo sababu mchele wenye magunia 90 ulikaa njano, na sukari ya 60 ikaanguka kwenye nyekundu pamoja na maharagwe.

Hatua ya 1: hakikisha kosa ni hili. Stoki yetu iko B2 hadi B7. Kwenye seli tupu andika:

```
=MIN(B2:B7)+0,5*(MAX(B2:B7)-MIN(B2:B7))
```

Weka asilimia yako mahali pa 0,5. Kama jibu ndipo alama zako zinapobadilika kweli, umeshampata mwizi. Dalili nyingine ni alama kubadilika kwenye bidhaa ambayo haijauzwa. Kwetu, unga ukishuka hadi magunia 104, mipaka inakuwa 54 na 19, na sukari inageuka kijani bila hata gunia moja kuguswa. Siku hiyo alama zote sita zinakuwa sahihi! Kwa hiyo kosa hili linaweza kukaa miezi bila mtu kulishuku.

Hatua ya 2: fungua sheria ya zamani. Chagua seli za stoki, nenda Accueil, Mise en forme conditionnelle, halafu Gérer les règles. Bofya sheria ya ikoni, kisha Modifier la règle. Usitengeneze sheria mpya juu yake, utabaki na mbili zinazogombana.

Hatua ya 3: Type kwanza, Valeur baadaye. Kwenye mistari yote miwili badilisha Pourcentage iwe Nombre. Fuata mpangilio huo, maana ukibadilisha Type, namba uliyoandika inaweza kurudi 0. Sasa andika 50 mstari wa juu na 15 mstari wa pili, na alama iwe >= ili gunia la 50 lenyewe lihesabiwe kijani. Mstari wa tatu hujijaza. Bofya OK mara mbili.

Mpaka wako ukizidi 100, tuseme 150, Excel itaukataa mradi bado iko kwenye Pourcentage, na hapo utashtuka mapema. Mtego uko kwa sisi wenye mipaka midogo.

Hatua ya 4: jaribu. Badilisha unga kutoka 404 uwe 104. Alama za bidhaa nyingine zisitikisike hata moja. Zikitikisika, kuna mstari uliobaki kwenye Pourcentage. Mara nyingi ni ule wa pili. Kisha rudisha 404.

Safu yenye asilimia inadanganya zaidi. Seli inayoonyesha 80% ndani yake ina 0,8. Ukitaka kijani kianzie hapo, weka Nombre na uandike 0,8. Ukiandika 80, hakuna seli itakayofika kijani.

Na kama kila bidhaa ina mpaka wake, ikoni haziwezi kufuata seli ya mstari wake. Weka mipaka hiyo safu ya C, kwenye D andika:

```
=B2-C2
```

Ivute hadi chini, kisha weka ikoni kwenye D, Nombre kwenye mistari yote miwili, njano ikianzia 0 na kijani kikianzia namba unayochagua iliyo juu ya 0. Chumvi ya 12 yenye mpaka wa 15 itaonyesha -3 na nyekundu. Mama anaipenda hii zaidi, kwa sababu hiyo -3 inamwambia pia ni magunia mangapi ya kuagiza ili arudi kwenye mpaka.