Somo: Kuiona ovalodi ya mota kwenye mita kabla rilei haijakata

Wengi wetu tunaiamini rilei ya ovalodi kupita kiasi. Kiwango cha IEC 60947-4-1 kinasema rilei ya joto ikianza ikiwa baridi, ikapitishiwa mara 1.05 ya seti yake, haitakiwi kukata ndani ya saa 2. Mkondo ukipanda hadi mara 1.2 ndipo inatakiwa ikate, na hapo pia ina saa 2 za kujifikiria. Maana yake mota uliyoisetia ampea 40 inaweza kuvuta 42 kutwa nzima huku vanishi ya waya zake ikiungua taratibu, na kontakta imetulia tuli. Pengo hilo ndilo tutakalolichungulia kwa mita.

Mfano ni konveya ya kokoto yenye mota ya kilowati 22, volti 400. Kibati chake kinasema ampea 40 na pawa fakta 0.86.

Hatua ya 1: Soma kibati vizuri

Kilowati 22 za kwenye kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Mita inapima inayoingia. Piga hesabu ya mzigo kamili hivi:

```
P = 1.732 x 400 x 40 x 0.86 = 23.8 kW
```

Andika namba hiyo kwenye mlango wa paneli. Nimeshaona mota nzima ikifunguliwa kwa sababu mtu aliona mita inasoma 23 akadhani imezidiwa.

Hatua ya 2: Funga transfoma za mkondo

Kwa ampea 40 chukua za 50/5. Ukifunga 200/5 kwa kuwa ndizo zilizokuwepo stoo, utakuwa unafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, mahali ambapo makosa yake ni makubwa. Kama una 100/5 tu, pitisha waya wa mota mara mbili ndani ya pete ya transfoma hiyo na itakuwa sawa na 50/5.

Zima umeme, funga kufuli, hakikisha hakuna volteji. Upande wa P1 uelekee umeme unakotoka. Nyaya za S1 na S2 usizifungue kamwe mota ikiwa inazunguka: bila mita au kiungo cha kuzishoti, ncha hizo hupandisha volteji ya kuua. Kwenye menyu ya mita weka `CT primary` 50 na `CT secondary` 5.

Hatua ya 3: Ikague mita kabla ya kuiamini

Washa mota ikiwa na mzigo, tazama kilowati za kila fezi peke yake. Zote tatu ziwe chanya na zikaribiane. Moja ikiwa hasi lakini ukubwa wake unakaribiana na zile nyingine, pete imegeuzwa. Ampea zikiwa sawa lakini pawa fakta zinatofautiana sana, kuna pete mbili zilizobadilishana fezi na volteji zake. Makosa yote mawili ni ya hatari, kwa sababu ampea zinaonekana safi kabisa na anayetazama ampea tu hayaoni. Malizia kwa kulinganisha na klampu mita kwenye kila waya.

Hatua ya 4: Rekodi kitu kinachoweza kulinganishwa

Mita nyingi hutunza wastani wa dakika 15. Kuwaka kwa mota kusikutishe: mkondo wa mara 6 kwa sekunde 8 huongeza chini ya ampea 2 kwenye wastani huo. Kinachodanganya ni kusimama. Mota ikivuta 42 kwa dakika 10 kisha ikazimwa dakika 5, mita itaandika 28, nawe utafurahi bure. Vipindi vyenye kusimama vitupe.

Kwa konveya, mara moja kwa wiki chukua usomaji wa aina mbili: mkanda ukiwa mtupu, na mkanda ukiwa na mzigo wa tani zilezile kwa saa. Andika volteji, ampea za fezi zote tatu na kilowati.

Hatua ya 5: Usomaji wenyewe

Hizi ni namba za konveya yetu ikiwa na mzigo:

```
Wiki   V     A    PF     kW
1      402   31   0.83   17.9
5      400   36   0.85   21.2
8      398   41   0.86   24.3
```

Kati ya wiki ya 1 na ya 5 mkondo umepanda ampea 5, yaani 1.25 kwa wiki. Zilibaki 4 kufika 40, kwa hiyo wiki ya 5 ungeweza kusema zimebaki wiki tatu hivi. Wiki ya 8 ilikuja na 41. Rilei ilikuwa kwenye 40, na 41 ni mara 1.025 tu, kwa hiyo isingekata hata siku moja.

Sasa, ni mzigo au ni umeme? Volteji imeshuka volti 4 tu, na kilowati zimepanda pamoja na ampea. Basi shida iko kwenye mashine. Volteji ingeshuka sana na kilowati zikabaki palepale, tungeanza kutafuta kwenye kebo na transfoma.

Tuangalie mkanda mtupu. Wiki ya 1 ulivuta kilowati 7.0, wiki ya 8 ukavuta 13.4. Toa: kokoto zenyewe zilihitaji 10.9 wiki ya 1, na 10.9 wiki ya 8. Wanaopakia hawakuzidisha kitu. Ongezeko lote ni msuguano, na tulipofungua kinga ya upande wa nyuma tulikuta vumbi limeganda chini ya mkanda na rola kadhaa hazizunguki, zimelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina ampea tu, sina mita ya kilowati. Haitoshi?*

Karibu na mzigo kamili inasaidia. Mzigo ukiwa mdogo inapotosha, kwa sababu mota hiyohiyo ikizunguka bila mzigo huvuta mkondo wa sumaku unaoweza kufika theluthi ya ampea za kibati au zaidi, ilhali kilowati ni chache. Ampea 20 kwenye mota ya 40 si nusu ya mzigo. Angalau andika na volteji.

*Fundi, pampu yangu ya sentrifyugo ampea zimepanda. Nahisi bomba limeziba, niko sawa?*

Hapana kaka. Pampu nyingi za aina hiyo zikizibwa upande wa kutolea, maji hupungua na kilowati hushuka. Zikipanda, tafuta bomba lililopasuka au vali iliyoachwa wazi zaidi, kisha beringi na impela inayosugua.

*Fezi moja inasoma 44, nyingine 38 na 37. Wastani si uko sawa?*

Wastani ni 39.7, ila waya wenye 44 ndio unaoungua. Pima volteji kati ya fezi kwenye ncha za mota: tofauti ya asilimia 1 huweza kuzaa tofauti ya mkondo mara 6 hadi 10 ya hiyo. Volteji zikiwa sawa, zungusha nyaya zote tatu hatua moja, mwelekeo wa mota haubadiliki. Ile 44 ikihama pamoja na waya wa mota, tatizo liko kwenye mota. Ikibaki kwenye fezi ileile, liko kwenye umeme unaoingia.

*Na mota yenye drivu ya kubadilisha kasi, pete nifunge wapi?*

Kabla ya drivu. Mita ya kawaida haisomi vizuri mawimbi yanayotoka baada yake. Ila ampea za kabla si za mota, hasa kasi ikiwa ndogo; hizo zisome kwenye skrini ya drivu yenyewe.