Wanafunzi arobaini, vituo vitano na filimbi mbili tofauti

Kipindi chetu cha michezo Darasa la Tano ni dakika 40, na wanafunzi ni 40. Ukiwapa mpira mmoja, watoto kumi wenye nguvu watacheza na wengine watasimama pembeni wamejikunyata, hasa Juni na Julai upepo unaposhuka kutoka mlima Loleza na kuingia Mbeya mjini. Kwa hiyo nafundisha kwa vituo. Ila vituo navyo vina ugonjwa wao: muda unapotelea njiani, watoto wanapohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Leo naeleza hapo tu, maana ndipo wengi wetu tunapokwama na kurudia mpira mmoja.

Hatua ya 1: Gawa vikundi mkiwa bado darasani

Vikundi vitano vya watoto wanane. Changanya wavulana na wasichana, wepesi na wazito, kisha usivibadilishe kwa mwezi mzima. Mimi huwafunga utepe wa kitenge juu ya mkono wa sweta, kila kikundi na rangi yake, na kila kikundi kina kiongozi mmoja. Ukigawa uwanjani umeshapoteza dakika tano, na marafiki watakuwa wamejikusanya upande mmoja.

Hatua ya 2: Panga vituo kwa duara

Acha hatua kama kumi na tano kati ya kituo na kituo, na watoto wahame kuelekea upande uleule siku zote. Mimi nafuata mshale wa saa. Kituo kigumu kifuatwe na chepesi ili wapate kupumua. Vyangu ni hivi: kuruka kamba, kutembea juu ya mstari wa chokaa bila kuyumba, kukimbia zigizaga kati ya chupa zilizojazwa mchanga, kulenga tairi kwa mipira ya makaratasi, na kupasiana mpira wa pete wawili wawili. Wanaolenga tairi warushe kuelekea nje ya duara, kamwe wasirushe kuelekea ndani.

Kila kituo kiwe na vifaa vya kuwatosha wote wanane bila foleni. Kamba nne kwa watoto wanane, mmoja anaruka na mwenzake anahesabu, zinatosha kabisa. Kamba moja kwa wanane ni foleni, na kwenye foleni ndiko kusukumana kunakoanzia.

Hatua ya 3: Tenganisha filimbi ya kusimama na filimbi ya kuhama

Hili ndilo nililojifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilipuliza mara moja tu, maana yake "acheni, hameni". Watoto waliondoka mbio na mipira mikononi, mmoja akaurusha nyuma bila kutazama, na msichana aliyekuwa anakuja akapigwa usoni. Hakuumia sana, lakini kosa lilikuwa langu.

Sasa ni hivi. Mlio mmoja mrefu: simama, weka kifaa chini, nitazame. Hakuna anayehama. Nasubiri mpaka kila mpira umetulia ardhini. Ndipo milio miwili mifupi: hameni kwa mbio nyepesi. Milio mitatu nimeiweka kwa dharura, wote waje nilipo. Filimbi usiitumie kwa jambo lingine lolote, wala kumkemea mtoto mmoja. Ukiizoeza kelele, wataacha kuisikia.

Simama nje ya duara, mahali ambapo unaviona vituo vyote vitano bila kugeuka, na upepo ukupige mgongoni ili sauti iende kwa watoto. Ukisimama katikati, daima kuna vituo viwili nyuma yako.

Hatua ya 4: Fundisha kuhama kabla ya kufundisha mchezo

Kipindi cha kwanza nahamisha vikundi bila vifaa: mlio mrefu, kimya, milio miwili, wanahama, wanakaa chini. Tunazunguka duara zima mara mbili. Inachosha, lakini nisipofanya hivyo nitalipa kila wiki.

Hatua ya 5: Gawa dakika zako

Kutoka darasani 4, kupasha mwili 5, maelekezo 3. Mizunguko mitano ya dakika 4 ni 20. Kuhama mara nne kwa sekunde 30 ni dakika 2. Kutuliza mwili 3, kurudi darasani 3. Jumla 40, hakuna hata moja ya akiba.

Kuhama kukiwa kunachelewa

Usiseme tu "ni wazito". Pima kwa simu, ukigawa sehemu tatu: kusimama, kutembea na kuanza. Darasa langu la mwaka jana lilitumia sekunde 100 kila lilipohama. Kwa mara nne, hizo ni karibu dakika saba. Nilidhani hawasikii filimbi. Nilipopima, kusimama kulichukua 20, kutembea 25, na kuanza 55! Walikuwa wanafika halafu wanaulizana, "Tunafanya nini hapa?" Filimbi haikuwa na kosa. Nilichora kila zoezi kwenye boksi kuukuu na kuliegemeza kituoni, na wakati wa maelekezo viongozi watano wakawa wanaonyesha, kila mmoja zoezi moja. Baada ya wiki tatu tulifika sekunde 30.

Kama tatizo ni kusimama, angalia kwanza kama wewe mwenyewe unaongea kabla hawajanyamaza. Kama ni kutembea, vituo viko mbali mno au njia zinapishana.

Maswali ya walimu

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mafinga, darasa langu lina watoto 80. Niweke kumi na sita kila kituo?*

Marahaba. Hapana, foleni itakurudia. Chora maduara mawili pembeni ya mwenzake, kila moja na vituo vilevile vitano na wanane wanane. Filimbi ni moja kwa wote. Vifaa vikipungua, ongeza vituo visivyohitaji kifaa, kama kutembea kwenye mstari au kuruka mbele kwa mguu mmoja.

*Sisi tuna uwanja mmoja na vipindi vya walimu wawili vinagongana. Filimbi yake inawahamisha watoto wangu.*

Mmoja wenu aache filimbi. Chukua kipande cha reli au rimu ya gari uigonge kwa chuma, mdundo mmoja wa kusimama na miwili ya kuhama. Sauti ikiwa tofauti kabisa, watoto wataizoea upesi.

*Nina mtoto asiyesikia vizuri. Anabaki kituoni peke yake.*

Kila unapopuliza, nyanyua kitambaa chekundu juu, na ukishushe unapotoa milio miwili. Waambie darasa zima wanyanyue mkono wakisikia mlio mrefu. Mtoto huyo ataona mikono ya wenzake hata akiwa amekupa mgongo. Mimi nalifanya hata mwaka ambao sina mtoto wa namna hiyo, maana mikono iliyonyanyuliwa haiwezi kushika mpira.

*Huku Tukuyu mvua ni karibu kila siku. Ndani ya darasa vituo vinawezekana?*

Vinawezekana, ila geuza kitu kimoja: watoto wabaki, vifaa vihame. Kati ya madawati hakuna nafasi ya watu 40 kupishana bila kuangushana. Kila kikundi kikae safu yake, na kwa milio miwili kiongozi peke yake ndiye anayebeba boksi la vifaa kwenda safu inayofuata. Chagua mazoezi ya mahali pamoja: kusimama kwa mguu mmoja, kurusha mpira wa karatasi juu na kuudaka, kuchuchumaa na kuinuka. Na badala ya filimbi piga makofi, kwa sababu ndani ya kuta nne chini ya bati filimbi inaumiza masikio.